Linki Inapokatika Njiani: Namna ya Kutuma Anwani ya Mtandao kwa SMS na Ikafunguka

Swali hili halikauki. Katibu wa AMCOS anatuma linki ya tangazo kwa wanachama, nusu yao wanarudi kusema haifunguki. Mwalimu anatuma ukurasa wa matokeo kwa wazazi, wanajibiwa na maandishi ya Kizungu yanayosema ukurasa haupo. Mtendaji anapokea barua pepe kutoka wilayani, anabonyeza linki, inampeleka pengine kabisa. Kila mmoja anauliza: kosa ni la simu, la mtandao, au la aliyetuma?

Mara nyingi anwani yenyewe ni nzima. Imeharibika safarini, kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko chombo kilichoibeba. Kwetu Mtua, na kwa majirani wa Nachingwea na Ruangwa kwa jumla, ujumbe mmoja unaweza kusomwa kwenye simu janja, kwenye kitochi, na kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, vyote siku moja. Makala hii inaeleza anwani inakatikia wapi, namna ya kuigundua, na njia nne za kumwelekeza mtu kwenye ukurasa bila kumtumia mstari mrefu wa herufi na tarakimu.

## Kwanza tambua: imekunjwa au imekatika?

Haya ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Imekunjwa. Kioo cha simu ni chembamba, kwa hiyo anwani inaanza mstari wa kwanza na kuendelea wa pili, hata wa tatu. Ndani yake hakuna kilichobadilika. Ukiibonyeza inafunguka. Hii si kasoro, usihangaike nayo.

Imekatika. Katikati ya anwani kumeingia nafasi, au alama ya kuanza mstari mpya, au ujumbe umefika vipande viwili. Simu huhesabu kuwa anwani imeishia pale ilipokuta pengo. Kinachobaki inakiona kama maneno ya kawaida.

Kuzitofautisha ni rahisi:

1. Angalia rangi au mstari wa chini ya maandishi. Kama mistari yote ya anwani ina rangi ya bluu, imekunjwa tu. Kama bluu imeishia mstari wa kwanza na wa pili ni mweusi, imekatika.
2. Bonyeza, kisha soma sehemu ya juu ya kivinjari panapoandikwa anwani. Linganisha mwisho wake na mwisho wa anwani uliyotumiwa.
3. Ukiona `404` au `Not Found`, maana yake tovuti imepatikana ila ukurasa uliouomba haupo. Hiyo ndiyo dalili kuu ya mkia uliokatika. Tatizo lingekuwa mtandao au bando, hata tovuti isingejibu.

Hatua ya tatu ndiyo itakayokuokolea muda. Ukiona `404`, acha kuhamahama kutafuta minara. Rudi kwenye ujumbe ukaangalie mkia.

## SMS ina nafasi kiasi gani?

SMS moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, na kila nafasi tupu, nukta na koma inahesabiwa. Ukizidisha hapo, simu inaugawa ujumbe. Kila kipande kinabeba herufi 153, kwa kuwa zile saba zilizobaki hutumika kuandika maelezo ya namna ya kuviunganisha upya. Simu nyingi za sasa huviunganisha kimyakimya. Lakini kipande kimoja kikichelewa, au simu ikiwa ya zamani, au mtambo wa kutuma SMS za jumla ukivipeleka kama jumbe mbili zinazojitegemea, mpokeaji anaona nusu mbili.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Hesabu ya 160 inahusu seti maalumu ya herufi tu. Ukiingiza alama moja isiyokuwemo, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine ambao nafasi yake ni 70, na ukigawanywa kila kipande ni 67. Alama zinazoleta balaa hilo ni:

- emoji yoyote;
- kistari kirefu kinachowekwa na programu za kompyuta;
- alama za kunukuu zilizopinda;
- ritifaa iliyopinda katika maneno kama ng’ombe na ng’ambo. Ile iliyonyooka, `'`, haina shida. Ukiandika ujumbe kwenye Word kisha ukauhamishia kwenye simu, mara nyingi unabeba ile iliyopinda bila kujua.

Kiswahili chetu hakina herufi zenye vialama, kwa hiyo ukiandika kawaida uko salama. Vinavyoharibu ni vitu vidogo kama hivyo.

## Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tovuti za halmashauri nyingi nchini zimejengwa kwa mfumo unaofanana. Faili la tangazo likipandishwa, mfumo unalipa jina la herufi na tarakimu zisizo na maana kwa msomaji. Anwani inakuwa na umbo hili. Tarakimu za mwisho nimezibuni, umbo ndilo lenyewe:

```
https://nachingweadc.go.tz/storage/app/uploads/public/5f3/a1b/2c4/5f3a1b2c4d5e6712345678.pdf
```

Hizo ni herufi 92. Sasa tuchukue mtu anayetaka kuwaarifu vijana wa kijiji kuhusu nafasi za kazi za muda. Anaandika:

```
Habari zenu. Tangazo la nafasi za kazi za muda limetoka, lisomeni hapa: [anwani] Mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa.
```

Akiweka anwani mahali pa mabano, ujumbe wote unafikia herufi 199. Zinakuwa SMS mbili. Maneno ya kabla ya anwani yamekula herufi 72, kwa hiyo anwani inaanzia ya 73 na kuishia ya 164. Kipande cha kwanza kinaishia herufi ya 153. Maana yake kinakatia ndani ya anwani, na herufi 11 za mwisho, `2345678.pdf`, zinahamia kipande cha pili. Mwenye kitochi anayeona vipande viwili anabonyeza cha kwanza, anapata `404`. Angeongeza nafasi moja na emoji moja mwishoni, ujumbe ungehamia kwenye mfumo wa vipande vya 67, na SMS mbili zingekuwa nne. Kama anatuma kwa watu mia mbili kwa salio lake, hapo ndipo hesabu inapouma.

Sasa tuandike upya:

```
Habari zenu. Tangazo la nafasi za kazi za muda limetoka. Ingia nachingweadc.go.tz kisha Matangazo, tangazo la tarehe 3 Juni. Mwisho wa maombi Ijumaa.
```

Herufi 149, SMS moja. Hakuna kitu cha kukatika, na kijana asiye na simu janja anaweza kuinakili kwenye karatasi akaenda nayo kwa mwenye kompyuta. Zaidi ya hapo, faili likibadilishwa kesho kwa kuwa lilikuwa na kosa, anwani ndefu itakufa, maelekezo haya yataendelea kufanya kazi.

## Njia ya kwanza: taja lango, kisha toa maelekezo

Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Sehemu ya mwanzo ya anwani, ile ya jina la tovuti, ni fupi na inasomeka. Kinachofuata baada ya mkwaju wa kwanza ndicho kirefu. Anayejua lango na jina la chumba hahitaji kuchorewa ramani ya nyumba nzima.

Maelekezo mazuri yana vitu vitatu:

- Jina la tovuti bila `https://` na bila `www`, kama tovuti inafunguka bila hivyo. Jaribu kwanza, zipo tovuti chache zinazong’ang’ania `www`.
- Neno la kubonyeza, lililoandikwa kama linavyoonekana kwenye ukurasa. Kama pameandikwa Matangazo, usiandike Taarifa.
- Alama ya kutambulia: tarehe ya tangazo, au maneno mawili matatu ya kichwa chake.

Kwa matokeo ya mitihani, njia hii ni bora kuliko linki ya ukurasa wa shule. Siku matokeo yanapotoka, kurasa hubebwa kwenye anwani tofauti kupunguza msongamano, na linki iliyofanya kazi asubuhi inaweza kukwama jioni. Waambie wazazi waingie `necta.go.tz`, wafungue matokeo, wachague mtihani na mwaka, kisha watafute shule yao. Wakumbushe kuwa kwenye tovuti ile kidato cha nne kimeandikwa `CSEE` na darasa la saba `PSLE`. Mzazi asiyejua hilo atazunguka mlangoni.

Kosa la kawaida: kuandika “tafuta Google tangazo la halmashauri”. Google huleta matangazo ya miaka iliyopita, na kurasa za watu binafsi zilizonakili habari ili kuvuta wasomaji. Mwanakijiji anaweza kujaza fomu ya mwaka juzi.

## Njia ya pili: kata mkia usio na kazi

Anwani nyingi ndefu ni ndefu kwa sababu zimebebeshwa mizigo ya ufuatiliaji. Ukikopi linki kutoka Facebook, baada ya alama ya kuuliza utakuta `fbclid=` na msururu wa herufi. Kutoka kwenye barua pepe za matangazo utakuta `utm_source=`. Kutoka YouTube utakuta `si=` au `feature=`. Hivyo ni vya kumjulisha mwenye tovuti umetokea wapi. Ukurasa hauvihitaji.

Fanya hivi:

1. Bandika anwani mahali unapoweza kuihariri.
2. Tafuta alama ya `?`.
3. Futa kuanzia alama hiyo hadi mwisho.
4. Fungua kilichobaki kwenye dirisha jipya la faragha la kivinjari, au kwenye simu nyingine.
5. Ukurasa ukija uleule, tuma hiyo fupi. Usipokuja, rudisha mkia na ufute kipande kimoja kimoja. Vipande hutenganishwa na alama ya `&`.

Hatua ya nne usiiruke. Zipo tovuti ambazo kinachofuata `?` ndicho kinachotaja ukurasa wenyewe, kama `?id=` au `?v=`. Ukifuta hicho, mpokeaji atafikia ukurasa wa mwanzo tu.

YouTube wana umbo lao fupi. Badala ya hii:

```
https://www.youtube.com/watch?v=AbCdEfGhIjK&feature=share
```

tuma hii, yenye herufi 28:

```
https://youtu.be/AbCdEfGhIjK
```

Zile herufi 11 za mwisho ndizo jina la video. Kubwa na ndogo zisibadilishwe.

Onyo kuhusu Google. Ukikopi linki moja kwa moja kutoka orodha ya majibu ya utafutaji, unaweza kupata anwani inayoanza na `google.com/url?`, ambayo imeficha ile halisi ndani yake. Fungua ukurasa kwanza, kisha kopi anwani iliyo juu ya kivinjari.

Onyo kuhusu akaunti. Kama umeingia kwenye mfumo kwa neno la siri, usikopi anwani unayoiona ndani na kuituma. Nyingine hubeba neno kama `token=` au `session=`. Ama haitamfungukia mwenzako, ama itamfungulia akaunti yako. Tuma lango la mfumo tu, kwa mfano `portal.ajira.go.tz` au `olas.heslb.go.tz`, kila mtu aingie kwa yake.

## Njia ya tatu: huduma za kufupisha linki

Huduma kama TinyURL, iliyoanza 2002, na Bitly, iliyoanza 2008, hukupa anwani fupi inayompeleka mtu kwenye ile ndefu. Zinafaa pale ambapo ukurasa hauna maelekezo rahisi, kama fomu ya Google au faili lililowekwa kwenye Drive.

Namna ya kufanya kwa TinyURL:

1. Fungua `tinyurl.com` na ubandike anwani ndefu.
2. Kwenye kisanduku cha jina la hiari, andika jina linalotamkika, kwa herufi ndogo zote. Ukiliacha tupu utapewa herufi za kubahatisha, na watu watakosea kuzinakili.
3. Kama jina limeshachukuliwa na mtu mwingine, ongeza mwaka au jina la kijiji.
4. Ifungue kwenye simu nyingine kabla ya kuituma.

Kabla hujaizoea njia hii, zingatia mambo manne.

Watu wana haki ya kuishuku. Nchi nzima imechoshwa na jumbe za “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Linki fupi haionyeshi inakokwenda, na tapeli anaipenda kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo taja kwenye ujumbe wako inakompeleka mtu, na uweke jina lako na cheo chako. Ukiwa wewe ndiye uliyepokea linki ya Bitly, ongeza alama ya `+` mwishoni mwake kwenye kivinjari, utaona maelezo ya inakokwenda kabla ya kuifungua.

Inategemea uhai wa kampuni nyingine. Google walikuwa na huduma yao, `goo.gl`, iliyoanza 2009. Mwaka 2019 wakaacha kutengeneza linki mpya. Mwaka 2024 wakatangaza kuwa za zamani nazo zitazimwa Agosti 2025, na ulipofika mwezi huo wakalegeza, wakasema zile ambazo bado zinatumika zitaachwa. Aliyekuwa ameichapisha linki ya namna hiyo kwenye kitabu au bango alikaa roho juu mwaka mzima. Kwa tangazo la wiki mbili hakuna tatizo. Kwa kitu cha kudumu, kama katiba ya kikundi au mwongozo wa wanachama, usitegemee linki fupi peke yake.

Si mahali pa siri. Mwaka 2016 watafiti wa Cornell Tech walionyesha kuwa herufi chache za linki fupi zinaweza kukisiwa kwa kompyuta moja baada ya nyingine, na kwa njia hiyo walifikia mafaili ya watu waliodhani linki zao hazijulikani. Orodha ya wakulima yenye namba za simu, akaunti za benki na kilo za korosho isiwekwe kwenye faili lililo wazi ukidhani linki fupi imeificha.

Zile za bure zina masharti. Baadhi huonyesha ukurasa wa matangazo ya biashara kwanza, na mpokeaji hudhani amepotea. Nyingine hazikuruhusu kubadilisha inakoelekea baada ya kuitengeneza. Na baadhi ya mitambo ya SMS za jumla huzikataa linki fupi kwa kuhofia utapeli. Tuma moja ya majaribio kwanza.

## Njia ya nne: usitume linki kabisa

Kabla ya kuhangaika na anwani, jiulize kama mpokeaji anahitaji ukurasa au anahitaji jibu. Kama ni tarehe ya mkutano, bei ya mnada au jina la ghala, liandike kwenye SMS. Mkulima aliyeko shambani Ruangwa msimu wa korosho anataka kujua bei ya juu na ya chini ya mnada wa leo. Hana haja ya kufungua jedwali la kurasa kumi.

Kwa huduma nyingi za serikali, menyu ya `*152*00#` inapatikana hata kwenye kitochi bila bando. Ndani yake kuna sehemu ya Elimu ambako mzazi anaweza kuomba matokeo ya mtihani kwa namba ya mtahiniwa. Ujumbe huo hukatwa gharama kidogo kwenye salio, mwambie mapema ili asishangae. Na unapomwelekeza, taja majina ya vipengele badala ya kutaja namba zao tu, kwa sababu mpangilio wa menyu hubadilishwa.

## Kwenye barua pepe, Word na PDF

Huku anwani hukatika kwa sababu nyingine. Kanuni za barua pepe zinashauri mstari usizidi herufi 78, na baadhi ya programu, hasa za zamani, huvunja mstari unaozidi hapo kwa kuweka alama halisi ya mstari mpya. Ile anwani yetu ya herufi 92 imezidi. Ukiijibu au kuisambaza barua hiyo mara mbili tatu, kila programu inaongeza uharibifu wake.

Ukiwa mtumaji:

- Weka anwani kwenye mstari wake peke yake, usiibane katikati ya sentensi.
- Izungushie mabano ya pembe, kwa mfano `<https://ruangwadc.go.tz>`. Mwongozo wa anwani za mtandao, RFC 3986 wa mwaka 2005, unayapendekeza, na programu nyingi zinaelewa kuwa kila kilichomo ni kitu kimoja.
- Usiweke nukta au koma ikigusa mwisho wa anwani. Na usiunganishe neno linalofuata. `ruangwadc.go.tzkwa maelezo` si anwani tena.
- Usiandike “Bofya hapa” kwenye waraka utakaochapishwa au kunakiliwa kwenye SMS. Karatasi haibofyeki. Na ukiyakopi maneno hayo kwenda kwenye ujumbe, yanakuja maneno matupu, linki inabaki nyuma.

Ukiwa mpokeaji wa anwani iliyokatika:

1. Kopi kipande cha kwanza, kibandike kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari.
2. Rudi, kopi kipande cha pili, kibandike mara baada ya cha kwanza bila kuacha nafasi.
3. Pitia mahali pa kuungania. Ukiona nafasi au `%20` ambayo hukuiona kwenye ujumbe, ifute. Ila `%20` nyingine ndani ya jina la faili ziache, maana aliyepandisha faili aliliita kwa jina lenye nafasi.
4. Kama mstari wa kwanza uliishia kwa kistari, jaribu mara mbili: kwanza ukikiacha, kisha ukikifuta. Wakati mwingine ni cha anwani, wakati mwingine kimewekwa na programu iliyokuwa inakata neno.

## Ubaoni na kwa mdomo

Anwani ya kuandikwa kwa mkono isizidi mstari mmoja. Andika kwa herufi ndogo za kuchapa. Jina la tovuti halijali herufi kubwa na ndogo, lakini kilicho baada ya mkwaju mara nyingi kinajali. Epuka anwani zenye sifuri na herufi O, au tarakimu moja na herufi l ndogo. Epuka pia mstari wa chini `_`. Ukipigiwa mstari kama linki zote zinavyopigiwa, unajificha na mtu anaona nafasi tupu.

Ukiisoma kwa simu, taja kila kitu: “nachingwea di si, doti go, doti ti zedi, vyote vimeshikana, herufi ndogo”. Kisha mwombe akurudishie alivyoandika. Msimbo wa QR unafaa kwenye bango, ila uchapishe pamoja na anwani fupi iliyoandikwa, kwa kuwa kitochi hakiwezi kuusoma. Na utengeneze kutoka kwenye anwani fupi. Ikiwa ndefu, vijiraba vinakuwa vidogo mno na kamera ya simu ya bei nafuu haivikamati.

## Mnaloniuliza zaidi

“Si nitume tu WhatsApp?” Kama wote wana WhatsApp, tuma. Huko hakuna ukomo wa 160. Lakini jua kuwa kuna atakayekopi ujumbe wako na kuupeleka kwa SMS kwa baba yake kijijini, na hapo hesabu zote za juu zinarudi. Anwani fupi inavumilia safari hiyo.

“Nikipiga picha ya skrini?” Picha inasomeka lakini haibonyezeki, na mtu atalazimika kuandika herufi 92 kwa mkono. Ya tangazo lenyewe ina manufaa, ya anwani haina.

“Nikiikata mwenyewe mistari miwili ili ionekane vizuri?” Usikate. Iache simu ya mpokeaji iikunje yenyewe. Ukibonyeza kitufe cha mstari mpya, wewe ndiye unayeivunja.

“Maelekezo si yatawachanganya wazee?” Yatawachanganya yakiwa na hatua tano. Yakiwa na mbili, lango na neno la kubonyeza, kijana yeyote wa nyumbani atawasaidia. Linki iliyokatika haisaidiwi na kijana yeyote.

## Kabla hujabonyeza “Tuma”

- Je, jibu lenyewe linaweza kukaa kwenye SMS bila linki?
- Je, lango na neno la kubonyeza vinatosha?
- Je, mkia baada ya `?` umeukata, na umejaribu kilichobaki?
- Je, ujumbe wote hauzidi 160, hauna emoji wala ritifaa iliyopinda?
- Je, anwani ina nafasi kabla na baada yake, na nukta haiigusi?
- Kama ni linki fupi, umetaja inakokwenda na nani kaituma?
- Je, umejitumia mwenyewe kwanza, ukaifungua kwenye simu dhaifu kuliko yako?

Hilo la mwisho azima kitochi cha jirani ulifanye. Ikifunguka humo, au ikisomeka vizuri kiasi cha kunakiliwa kwa mkono, watumie na wengine.